Krigingi ya udongo: kusoma ramani ya varianzi na kutafuta kosa ndani ya variogramu

Hesabu ya krigingi, yaani kukadiria mahali pasipopimwa kwa kuvipa uzito vituo vilivyopimwa, hutoa ramani mbili. Ya kwanza ni ya makadirio, na hiyo ndiyo inayoishia kwenye ripoti. Ya pili ni ya varianzi ya makadirio, yaani kipimo cha kiasi ambacho kadirio linaweza kupishana na hali halisi, na mara nyingi huachwa kwenye faili bila kusomwa. Hiyo ni hasara, maana modeli ya variogramu, yaani mstari unaoonyesha tofauti kati ya sampuli mbili inavyokua kadiri zinavyoachana, ikikosewa, ramani ya makadirio inaweza kubaki ileile huku ya varianzi ikiwa imeharibika kabisa. Kwa hiyo hapa tunaanzia kwenye ramani ya pili: dalili inayoonekana pale, kisha mahali pa kurudi kwenye variogramu ili kupata chanzo chake.

Mfano tunaoutumia ni wa kuhesabia, na namba zake tumeziweka wenyewe. Ni bustani za mchicha na matembele kwenye bonde la Mto Msimbazi, kati ya Vingunguti na Jangwani. Kuna sampuli 80 za udongo wa sentimita 20 za juu, zilizopimwa zinki kwa miligramu kwa kilo. Vituo viko kwenye gridi ya mita 300: safu 4 zinazofuata mto, kila moja ina vituo 20, na tunauchukulia ukanda kana kwamba umenyooka. Zinki kwenye udongo wa mjini huwa na vipimo vichache vikubwa sana, hivyo kila hesabu iko kwenye logi asilia. Programu ni R yenye kifurushi cha `gstat`.

Maneno matatu yatajirudia. Nageti ni tofauti inayobaki hata sampuli mbili zikiwa karibu sana. Neno limetoka kwenye migodi ya dhahabu, ambako punje moja ilitosha kufanya sampuli mbili jirani zisifanane hata kidogo. Dari ni kimo ambapo variogramu inaacha kupanda. Masafa ni umbali ambao variogramu hulifikia dari hilo, na baada yake sampuli mbili hazijuani tena.

Kwanza ujue ramani hii haioni nini

Varianzi ya krigingi inatokana na vitu viwili tu: modeli ya variogramu, na mahali vituo vilipo. Vipimo vyenyewe havimo kwenye fomula. Chukua vituo viwili vilivyo mita 300 mbali, na nukta ya kukadiria iwe katikati yake, mita 150 kutoka kila kimoja. Modeli ni ya tufe, nageti 0.10, dari 0.50, masafa mita 600. Modeli inatoa 0.247 kwa umbali wa mita 150, na 0.375 kwa mita 300. Kila kituo kinapata uzito wa nusu, na varianzi ni:

```
2 × 0.247 − 0.5 × 0.375 = 0.306
```

Sasa tuseme vituo hivyo vimepimwa 100 na 100. Kadirio la katikati ni 100. Tuseme badala yake vimepimwa 20 na 500. Kwenye logi, wastani wa hivyo viwili nao ni logi ya 100, na varianzi ni ileile 0.306. Mkulima yeyote angekuambia kwamba hali hizo mbili hazifanani. Ramani ya varianzi haioni tofauti, kwa sababu imeamini kwamba variogramu moja inafaa bonde zima.

Kinachobadilisha 0.306 ni modeli. Acha dari libaki 0.50 na masafa 600, halafu badilisha nageti tu. Nageti ikiwa sifuri, varianzi inashuka hadi 0.195. Nageti ikiwa 0.30, inapanda hadi 0.528. Katika hali zote tatu kadirio la katikati ni 100. Hii ndiyo sababu kosa la nageti linapita bila kugunduliwa kwa anayetazama ramani ya makadirio peke yake.

Dalili: ramani nzima ya varianzi ni rangi moja

Soma namba yenyewe kabla ya kubadilisha rangi. Kama variogramu imekuwa mstari wa bapa, yaani nageti tupu, varianzi kila mahali ni dari mara (1 + 1/n), ambapo n ni idadi ya sampuli zilizotumika. Kwa dari la 0.50 na sampuli 80, utaona 0.506. Ukiwa umeweka `nmax = 12`, yaani sampuli 12 za karibu tu, utaona 0.542. Namba hizo zikitokea, krigingi haijatumia umbali hata kidogo, na kadirio lake ni wastani tu.

Sababu ya haraka kuangalia ni kodineti. Ukileta data kwa digrii za longitudo na latitudo zikiwa na mfumo wake, `gstat` hupima umbali kwa kilomita. Ukiiletea digrii bila kuambia ni mfumo gani, inazichukua kama namba za kawaida, na mita 300 zako zinakuwa takriban 0.0027. Katika hali zote mbili masafa ya 600 uliyoandika hayana maana. Tazama safu ya `dist` kwenye matokeo ya `variogram()`. Kama haisomeki kwa mita, rekebisha. Dar es Salaam iko kwenye UTM kanda 37 kusini. Digrii za WGS84 zisizo na mfumo zipe kwanza kwa `pts = st_set_crs(pts, 4326)`, kisha:

```r
library(sf); library(gstat)
pts <- st_transform(pts, 32737)
v <- variogram(log(zn) ~ 1, pts)
v
```

Baada ya kubadilisha, namba za mashariki zinapaswa kuwa karibu na 530000 na za kaskazini karibu na 9247000. Ukiona kitu tofauti sana, kuna safu mbili zilizobadilishana.

Kodineti zikiwa sawa, angalia makapu ya umbali, yaani makundi ya jozi za sampuli zenye umbali unaokaribiana. Kwa kawaida `gstat` huishia theluthi ya ulalo wa eneo, kisha hugawa urefu huo makapu 15. Kwa gridi yetu ulalo ni kilomita 5.8 hivi, kwa hiyo mwisho ni mita 1920 na kila kapu lina upana wa mita 128. Makapu mawili ya kwanza hayana jozi hata moja, na programu haiyaonyeshi. Kapu la kwanza lenye kitu ni lile la mita 300, lenye jozi 136. Chini ya hapo hakuna chochote kilichopimwa. Kama uhusiano wa zinki unaishia mita 250, variogramu yako itakuwa bapa tangu nukta ya kwanza, na hakuna modeli itakayoufufua.

Dawa yake iko shambani. Ongeza vituo 20 vya jirani: chagua vituo 20 vya gridi ovyo, na pembeni ya kila kimoja chukua sampuli nyingine, baadhi kwa mita 20, baadhi 60, baadhi 120. Umbali wa mita 20 upimwe kwa tepu, usitegemee simu, kwa sababu simu inaweza kukosea mita kadhaa. Kama fedha za maabara zinatosha sampuli 80 tu, ni bora vituo 60 vya gridi na 20 vya jirani. Gridi itapanuka kutoka mita 300 hadi karibu 350, na utakachopata ni nageti iliyopimwa badala ya nageti iliyobuniwa. Kwa maoni yetu huo ndio mgawanyo bora kuliko wowote kwenye kazi ya aina hii.

Kuna chanzo kingine cha mstari bapa kinachohusu bonde hili hasa. Nusu ya sampuli ikichukuliwa kabla ya masika na nusu nyingine baada ya mafuriko, tope jipya linakuwa limefunika matuta ya Jangwani, na jozi za jirani zinalinganisha udongo wa nyakati mbili. Tofauti hiyo yote inaingia kwenye nageti. Tengeneza variogramu ya kila awamu peke yake. Nageti ikishuka katika zote mbili, tatizo ni wakati, wala si umbali.

Dalili: varianzi ni ndogo kupita kiasi

Hii ndiyo dalili ya hatari zaidi, kwa kuwa ramani inapendeza na hakuna anayeilalamikia. Ukaguzi wake ni kutoa sampuli moja moja, kuikadiria kwa zilizobaki, na kugawa kosa kwa mkengeuko sanifu ambao krigingi imeudai:

```r
m  <- fit.variogram(v, vgm(0.4, "Sph", 600, 0.1))
cv <- krige.cv(log(zn) ~ 1, pts, model = m)
mean(cv$zscore^2); median(cv$zscore^2)
```

Wastani wa `zscore` za mraba unatakiwa kuwa karibu na 1, na kati yake, yaani thamani ya katikati zikipangwa kwa ukubwa, karibu na 0.455. Wastani ukiwa 2, varianzi yako ni nusu ya inavyopaswa kuwa. Tumia zaidi kati, kwa sababu sampuli moja kutoka karibu na karakana ya kuchomelea inaweza kupandisha wastani peke yake. Wastani ukiwa mkubwa na kati ikiwa sawa, una sampuli chache za ajabu, na modeli haina kosa. Vyote viwili vikiwa vikubwa, modeli ndiyo mbovu.

Lakini ukaguzi huu una upofu wake. Kwenye gridi tupu ya mita 300, kila sampuli inayotolewa inakadiriwa na jirani aliye mita 300. Ramani yako inakadiria nukta zilizo mita 50, 100 au 150 kutoka kituo. Kosa la nageti linaonekana vizuri kwenye umbali mfupi, na huko ukaguzi haukufika. Gridi isiyo na vituo vya jirani inaweza kupata alama inayokubalika kwa nageti yoyote kati ya zile tatu za mfano wa juu.

Chanzo cha kawaida cha varianzi ndogo ni kubadilisha modeli bila kubadilisha masafa. Kwenye `vgm()`, namba ya masafa ya `"Sph"` ni masafa yenyewe. Ya `"Exp"` ni theluthi yake: variogramu inakaribia dari kwenye mara 3 ya namba uliyoandika. Kwa `"Gau"` inalikaribia kwenye takriban mara 1.73 ya namba hiyo. Mtu aliyepata mita 600 kwa tufe, kisha akaandika `vgm(0.4, "Exp", 600, 0.1)` bila kuilinganisha upya na data, ameambia programu kwamba uhusiano unafika mita 1800. Kwa vituo vyetu viwili, varianzi ya katikati inatoka 0.248. Angeandika 200, ingetoka 0.417.

Kuhusu kuchagua modeli, usiipe `SSErr`, jumla ya makosa ya mraba ya modeli, neno la mwisho. Tufe na eksiponenti hupishana kidogo sana kwenye umbali mrefu, ambako jozi ni nyingi, na hupishana pale karibu na sifuri. Basi chagua kwa kutazama makapu mawili matatu ya kwanza. Ikumbukwe pia kwamba `fit.variogram()` isipoambiwa vingine hupima kila kapu kwa idadi ya jozi ikigawiwa kwa mraba wa umbali. Tuseme majirani wote 20 wako mita 20: jozi zao zinapata uzito wa 0.05, na jozi 136 za mita 300 zinapata 0.0015. Kapu dogo lina nguvu mara 33. Ndivyo tunavyotaka, ila jozi moja chafu ndani yake itavuta nageti yote. Chora jozi za kapu hilo moja moja kwa `variogram(..., cloud = TRUE)` kabla ya kuiamini, au linganisha na `cressie = TRUE`, ambayo haiyumbishwi sana na jozi moja.

Modeli ya Gausi iache kwa vitu laini kama kina cha maji ya chini ya ardhi. Inaanza bapa karibu na sifuri, maana yake inadai udongo wa hatua tano kutoka hapa ni uleule. Kwa zinki ya bustani iliyotiwa mbolea tuta kwa tuta, dai hilo si kweli.

Dalili: nukta ndogo za varianzi sifuri juu ya kila kituo

Krigingi ya kawaida hurudisha kipimo kilekile pale kituo kilipo, kwa varianzi sifuri, hata nageti ikiwa kubwa. Pikseli moja kando, varianzi inaruka juu ya nageti. Ukisogeza gridi ya kukadiria mita 5, nukta zinatoweka, kwa sababu hakuna pikseli iliyoangukia kituo tena. Kumbe ramani inabadilika kwa kitu kisichohusu udongo.

Njia sahihi ni kutenganisha nageti. Gawa sampuli 10 mara mbili, zipe namba tofauti na uzipeleke maabara bila kusema. Chukua tofauti ya logi ya kila jozi, iweke mraba, tafuta wastani, gawa kwa 2. Tuseme unapata 0.02. Basi kati ya nageti ya 0.10, sehemu ya 0.02 ni makosa ya upimaji na 0.08 ni udongo wenyewe unavyobadilika kwa umbali mfupi. Sehemu ya kwanza iandikwe kwenye modeli kama aina ya `"Err"`, ya pili ibaki nageti. Krigingi itaacha kuapa kwamba kipimo cha maabara hakina kosa.

Madoa mapana ni jambo jingine. Ukiona duara la varianzi ndogo kuzunguka kila kituo, na kati ya madoa rangi moja ya juu, masafa ya modeli ni mafupi kuliko nafasi ya gridi. Kama masafa hayo yametokana na vituo vya jirani vilivyopimwa kweli, ramani inasema ukweli mchungu: kati ya vituo hujui zaidi ya wastani.

Dalili: `NA`, au makadirio yanayopita kipimo chochote ulichonacho

Onyo la `Covariance matrix singular` karibu kila mara ni vituo viwili kwenye kodineti ileile, mara nyingi sampuli za marudio zilizoachwa ndani ya jedwali. Zitafute kwa `duplicated(st_coordinates(pts))`, weka wastani wao. Kama hakuna marudio na bado namba zinaruka, una modeli ya Gausi isiyo na nageti.

Dalili: variogramu inapanda tu na haifiki dari

Hapa kuna mwelekeo, na kwenye bonde mwelekeo ni umbali kutoka mto. Uingize kwenye fomula: `log(zn) ~ sqrt(d_mto)`, kote, kwenye `variogram()` na kwenye `krige()`, na gridi iwe na safu hiyo pia. Variogramu ya mabaki itakuwa na dari la chini zaidi. Mstari wa mto ukiwa umechorwa kutoka ramani ya zamani ya Tanzania, hakikisha ulibadilishwa kutoka Arc 1960 (`EPSG:21037`). Ukichukuliwa kama WGS84, unahama takriban mita 300, yaani nafasi nzima ya gridi yetu, na mwelekeo unapotea.

Pia usisome variogramu ya mfano huu kupita mita 900. Ukanda una safu 4 tu, kwa hiyo zaidi ya hapo karibu jozi zote zinafuata mto, na kupanda kwa mwisho kunaeleza upande wa kufuata mto tu. Weka `cutoff = 900`.

Kuitafsiri ramani ikiwa imepona

Varianzi iko kwenye logi, na haigeuzwi kwa `exp()`. Chukua mzizi wake kwanza. Kwa 0.306 mkengeuko sanifu ni 0.553. Zidisha kwa 1.96, halafu `exp()`: inatoka 2.96. Basi kadirio la 100 linagawiwa na kuzidishwa kwa karibu 3, na mpaka wa asilimia 95 unakuwa 34 hadi 296. Kadirio hilo la 100 lenyewe ni kati, si wastani. Wastani wa zinki mahali hapo ni mkubwa zaidi.

Anayeamua juu ya bustani hahitaji varianzi, anahitaji uwezekano wa kuvuka kizingiti. Tuseme kizingiti chake ni 200, na `k` ni matokeo ya `krige()`:

```r
k$p <- 1 - pnorm((log(200) - k$var1.pred) / sqrt(k$var1.var))
```

Kwa nageti ya 0.10 uwezekano wa nukta yetu ni asilimia 10.5. Kwa nageti ya 0.30 ni asilimia 17, na kadirio bado ni lilelile 100. Kama mpaka wa kuchukua hatua ni asilimia 15, nageti peke yake imebadilisha uamuzi.

Mwisho rudi kwenye wale majirani wa 20 na 500. Kwenye kingo za bonde kuna sehemu zilizojazwa kifusi, na mstari kati ya kifusi na udongo wa mto ni mkali, unaonekana kwa macho. Ramani ya varianzi inapita juu ya mstari huo bila kubadilika rangi. Chora ramani ya `cv$residual` na utafute mahali ambapo mabaki makubwa, chanya upande mmoja na hasi upande wa pili, yanajipanga kwenye mstari. Ukiupata, digitisha mpaka, na ufanye krigingi ya kila upande kwa sampuli zake. Upande wa kifusi ukibaki na sampuli 11, hazitoshi kuzaa variogramu yake. Huko toa wastani na mkengeuko wake, na ramani uiache tupu.